Kutoka Kauli hadi Hati: Kiswahili Sanifu, Msemo wa Gando na Mipaka ya Kuandika Upya

1.0 Utangulizi

Mzee wa Gando, katika Wilaya ya Wete kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, akisema "mikarafuu hii babangu akiichuma", jirani yake haoni utata wowote. Anafahamu kwamba zamani baba wa msemaji alikuwa na ada ya kuchuma mikarafuu hiyo, mwaka baada ya mwaka. Kauli hiyo hiyo ikiandikwa bila kubadilishwa herufi, kisha ikasomwa na mtu aliyelelewa na Kiswahili cha vitabu, huleta fikra nyingine: kama baba anaichuma, au wakati anapoichuma. Habari ya matumizi ya miaka mingi imegeuka sharti, na sentensi inaonekana kama iliyokatwa kabla ya kumalizika.

Jambo hili lina uzito mahali ambapo haki ya mtu huthibitishwa kwa kauli. Katika mila za Zanzibar, kama alivyoeleza John Middleton katika utafiti wake wa umiliki wa ardhi uliochapishwa mwaka 1961, haki juu ya miti iliweza kutengana na haki juu ya ardhi iliyoiotesha. Aliyechuma, tangu lini na kwa idhini ya nani, ni maswali ambayo majibu yake yamo katika vinywa vya wazee kuliko katika karatasi. Mtafiti anayekusanya majibu hayo hulazimika kuyaandika, na katika kuyaandika hulazimika kuamua: ayaache katika msemo wa mahali au ayahamishie katika Kiswahili Sanifu.

Makala hii inachunguza uamuzi huo kihistoria. Hoja yake ni kwamba tofauti baina ya msemo wa Gando na maandishi sanifu haikutokana na uzembe wa wasemaji, bali na namna usanifishaji ulivyofanywa baina ya 1870 na 1939. Kwa sababu hiyo, kuhamisha kauli kunafaa pale inapohamishwa maana ya sarufi, wala si umbo lake tu; na hakufai pale neno lenyewe ndilo ushahidi.

2.0 Msemo wa mji na maandishi ya wote

Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kianglikana, na mwaka 1870 akachapisha mwongozo wa Kiswahili ambao jina lake lilibainisha kuwa ni lugha inayosemwa Zanzibar. Kwa Steere, Zanzibar ilikuwa hasa mji: bandari, soko na watu waliokutana hapo kutoka pwani na bara. Wakati huo huo wamisheni wa Mombasa, wakimfuata Johann Ludwig Krapf aliyefika huko mwaka 1844, waliandika kwa kuegemea Kimvita. Kwa zaidi ya nusu karne vitabu vya dini na vya shule vilitoka katika misemo miwili tofauti, na serikali za kikoloni zilipotaka kitabu kimoja kitumike katika nchi zote, mgongano huo ukawa tatizo la utawala.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kusawazisha tahajia na sarufi, kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuvipa idhini vilivyokidhi kanuni. Kamusi zilizofuata mwaka 1939 ziliimarisha kanuni hizo.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka. Kusema kwamba Kiunguja kilichaguliwa hakumaanishi kwamba kila kilichosemwa Unguja kiliingizwa katika maandishi. Kamati ilihitaji sarufi inayofundishika kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa na Kiswahili nyumbani, kutoka pwani hadi Uganda. Sarufi ya namna hiyo hupenda kila umbo liwe na kazi inayojulikana. Kiambishi -ki- kikapewa kazi ya sharti na ya tendo linalokwenda sambamba na jingine; kazi yake ya kueleza mazoea ya zamani, ambayo bado husikika Unguja na Pemba, haikupata nafasi hiyo. Kiambishi a- kikawa ndicho cha nafsi ya tatu umoja, ingawa visiwani ka- husikika kila siku.

Matokeo yake ni kwamba lugha iliyotoka visiwani ilirejea visiwani kupitia darasani ikiwa si ile ile. Mtoto wa Pemba alikuta katika kitabu maneno anayoyajua, lakini yamepangwa kwa kanuni ambazo mama yake hazifuati. Mwaka 1958 Wilfred Whiteley, aliyekuwa akifanya kazi na Kamati hiyo hiyo, alichapisha utangulizi wake kuhusu lahaja na ushairi wa Pemba. Kazi hiyo ilionyesha kwamba Pemba yenyewe haina msemo mmoja, na kwamba kilichokuwa kikisahihishwa shuleni kilikuwa na utaratibu wake.

Swali halikufungwa baada ya uhuru. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Majina ya vitabu hivyo viwili hayatofautiani katika neno la mwisho tu, bali pia katika kiunganishi, "ya" na "la", na tofauti hiyo ya kiunganishi inatosha kuonyesha kwamba hata neno "kamusi" halijakubaliwa ngeli moja. Anayeandika upya kauli ya Gando, kwa hiyo, hahami kutoka kosa kwenda usahihi. Anahama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine.

3.0 Kauli moja na matoleo yake mawili

Ili kuonyesha yanayotokea njiani, yafaa kuchambua kauli fupi. Kauli ifuatayo si nukuu ya mtu yeyote. Imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, na maumbo yaliyomo hayako Gando peke yake, bali husikika pia kwingineko Pemba na baadhi yake Unguja:

"Mikarafuu hii babangu akiichuma. Mwaka ule hawezi, nikaichuma mie, nikapata pishi 20. Huyu kaja mwaka jana, kaichuma. Mie nikamwambia: kwaichuma kwa amri ya nani?"

Mnukuzi aliyezoea Kiswahili Sanifu, anayefanya kazi kwa haraka na kwa nia njema, anaweza kuiandika upya hivi:

"Baba yangu akiichuma mikarafuu hii. Mwaka ule hawezi kuichuma, nikaichuma mimi na kupata kilo 50. Huyu amekuja mwaka jana na kuichuma. Nikamwambia: kuichuma ni kwa amri ya nani?"

Toleo hili linasomeka kwa ulaini, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Katika sentensi ya kwanza mnukuzi amebadilisha "babangu" kuwa "baba yangu", badiliko lisilogusa maana, lakini ameacha "akiichuma" kwa sababu umbo hilo lipo pia katika Kiswahili Sanifu. Neno lililohitaji kuhamishwa limeachwa, na lisilohitaji limehamishwa. Kiswahili Sanifu kina umbo linalobeba maana ya msemaji bila kupunguza kitu: "alikuwa akiichuma". Kitenzi kisaidizi hicho ndicho kinachomwonyesha msomaji wa mbali kwamba jambo ni la zamani na lilikuwa la mazoea.

Katika sentensi ya pili, "hawezi" kwa maana ya "ni mgonjwa" ni matumizi ya kawaida visiwani. Mnukuzi ameona kitenzi kinachohitaji kukamilishwa, akakikamilisha. Sasa baba hakuwa mgonjwa. Alishindwa kuchuma kwa sababu isiyotajwa, na msomaji mwenye mashaka anaweza kudhani kwamba alizuiwa au hakuwa na haki. Ugonjwa, ambao ulieleza kwa nini mtoto alichuma kwa niaba ya baba na hivyo kuendeleza matumizi yale yale, umetoweka.

Katika sentensi ya tatu tatizo ni ka-. Mnukuzi amejifunza kwamba "kaja" ya visiwani ni "amekuja", na mara nyingi ni kweli. Lakini msemaji ametaja "mwaka jana", na anapanga matukio yaliyokwisha. Uhamishaji unaolingana na maana ni "alikuja mwaka jana, akaichuma". Ikumbukwe pia kwamba ka- ya "kaja" siyo -ka- ya "nikamwambia". Ya kwanza inasimama mwanzoni mwa kitenzi na kushika nafasi ya nafsi. Ya pili inafuata kiambishi cha nafsi na kuonyesha mfululizo wa matukio. Nafasi ndiyo inayozitenga, na anayezibadilisha zote kwa kanuni moja atavuruga mpangilio wa habari.

Kosa zito zaidi limo katika sentensi ya mwisho. "Kwaichuma" imeundwa na ku-, nafsi ya pili umoja, na -a- ya wakati uliopo. Msemaji alimwambia mtu aliyesimama mbele yake: wewe unaichuma. Mnukuzi ameiona ku- akaidhania kuwa ni ile ya kitenzi-jina, na kwa hiyo mtu aliyeshutumiwa ameondoka katika sentensi. Limebaki swali la jumla kuhusu utaratibu wa kuchuma. Wala "waichuma", ambayo nayo ni Kiswahili Sanifu, isingekuwa dawa. Umbo hilo linaweza kumaanisha wewe unaichuma au wao wanaichuma, kwa kuwa u- na wa- zikikutana na -a- hutoa wa- ile ile. Katika jambo hili msemo wa Pemba uko wazi kuliko maandishi: "kwaichuma" ni mmoja anayesemeshwa, "waichuma" ni wengi wanaosemwa. Uhamishaji salama ni "unaichuma".

Toleo linalohifadhi maana, basi, ni hili:

"Mikarafuu hii baba yangu alikuwa akiichuma. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, nikaichuma mimi, nikapata pishi 20. Huyu alikuja mwaka jana, akaichuma. Nikamwambia: unaichuma kwa amri ya nani?"

Toleo hili liko mbali zaidi na sauti ya msemaji kuliko lile la kwanza katika maneno kadhaa, lakini liko karibu zaidi na alichokisema. Kwa kipimo hiki, uaminifu wa unukuzi hauhesabiwi kwa idadi ya maneno yaliyoachwa kama yalivyo.

4.0 Yasiyopaswa kuhamishwa

Katika toleo la tatu neno "pishi" limebaki. Sababu si mapenzi ya neno la kale. Pishi ni kipimo cha ujazo, sawa na vibaba vinne, na kilo ni kipimo cha uzito. Karafuu mbichi iliyotoka mtini hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake ikikaushwa. Kwa hiyo pishi moja ya mbichi na pishi moja ya kavu hazitoi kilo sawa. Msemaji hakueleza ni karafuu ya hali gani. Aliyeandika kilo 50 hakutafsiri kipimo, bali alibuni takwimu ambayo shahidi hakuitoa, na takwimu hiyo ikishaingia katika jedwali la tasnifu, msomaji hawezi tena kuitambua kuwa ni makisio. Njia inayofaa ni kuacha pishi katika nukuu, na ikiwa hesabu inahitajika, kuieleza nje ya nukuu pamoja na dhana zilizotumika.

Hali kadhalika "mikarafuu" haipaswi kuwa "shamba". Msemaji alidai miti. Iwapo anadai pia ardhi ni swali la kumuuliza, si la kujibiwa na mnukuzi kwa kuchagua neno lililozoeleka ofisini. Kanuni inayotokana na mifano hii ni kwamba sarufi huhamishwa ili maana ibaki, lakini jina la kitu, kipimo au haki hubaki ili madai yasipanuke wala kupungua.

Ushairi una mpaka wake wa namna nyingine. Tungo za washairi wa Pemba, Kamange na Sarahani, zilizokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, zinatoka katika utamaduni ambamo vina na mizani hubeba muundo wote. Neno la Kipemba kama "kuvyaa" likibadilishwa kuwa "kuzaa" mahali penye kina, mshororo unaachana na wenzake. Huko maelezo huwekwa kando na utungo huachwa. Vivyo hivyo utafiti ambao mada yake ni lugha yenyewe hauna ruhusa ya kusanifisha data yake, hata katika jambo dogo kama "ntu" kwa "mtu". Lakini katika utafiti wa historia au wa ardhi, "ntu" na "mie" ni tofauti za matamshi na mtindo. Kuziandika "mtu" na "mimi" hakumnyimi msomaji chochote, mradi mtafiti ameeleza mapema kwamba amefanya hivyo.

5.0 Safari ya kurudi

Inaweza kudaiwa kwamba tatizo lote hili lina ufumbuzi rahisi: hati isomwe mbele ya msemaji, naye aithibitishe. Utaratibu huo ni mzuri, lakini hautoshi, na kisa kilichochambuliwa kinaonyesha sababu. Mzee akisomewa "baba yangu akiichuma mikarafuu hii", ataitika kwa kuwa anasikia msemo wake mwenyewe. Ameithibitisha sauti, lakini msomaji wa baadaye atasoma sharti. Wawili hao wameikubali hati moja kwa maana mbili, na kosa limepata muhuri wa uthibitisho.

Kwa sababu hiyo uthibitisho wa kweli hufanywa kwa swali linaloitenga maana moja na nyingine. Badala ya kuuliza kama maneno ni yake, mtafiti auliza: mzee, babaako bado anaichuma, au ni habari ya zamani? Alichuma mara moja, au kila msimu? Ulimwambia yeye peke yake, au walikuwa wengi? Majibu ndiyo yanayoonyesha ni umbo gani la Kiswahili Sanifu linalofaa. Maswali haya huulizwa kwa msemo wa Gando, si kwa lugha ya hati, na hapa ndipo kuhamisha kutoka maandishi kwenda usemi kunapokuwa wajibu. Neno kama "mlalamikaji" au "vielelezo" likisomwa kwa mzee ambaye halitumii, atanyamaza kwa adabu, na kunyamaza huko kunaweza kuandikwa kuwa ni kukubali.

Hata hivyo safari ya kurudi nayo ina hatari. Hati husema "mlalamikaji hakuleta vielelezo". Anayeieleza kwa mdomo husema "hukuleta karatasi". Nafsi imebadilika, na taarifa imekuwa lawama. Tena vielelezo vinaweza kuwa mashahidi, mipaka au miti yenyewe, wala si karatasi tu. Anayesema badala ya hati hana budi kurahisisha maneno bila kupunguza kile kinachokubalika kuwa ushahidi.

6.0 Hitimisho

Uamuzi wa mwaka 1928 uliwapa wasemaji wa nchi nyingi maandishi yanayosomeka kwa pamoja, na tasnifu inayoandikwa kwa maandishi hayo humfikia mtahini wa Kampala au Mombasa kama ilivyomfikia wa Dar es Salaam. Gharama yake ni kwamba baadhi ya maumbo ya visiwani yalibaki nje, na mengine, kama -ki-, yalibaki ndani kwa maana nyingine. Haya ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Umbo geni kama "kwaichuma" humsimamisha mnukuzi akauliza. Umbo linalofanana na la vitabuni humpita bila kelele.

Mtafiti wa Gando, basi, anastahili kuhukumiwa kwa mambo matatu yanayoonekana katika kazi yake: ikiwa nyakati na nafsi za msemaji zimehamishwa kwa maana, ikiwa vipimo na majina ya haki vimeachwa, na ikiwa walau rekodi au unukuzi wa kwanza umehifadhiwa ili mwingine aweze kurejea. Bila hilo la tatu, mawili ya kwanza hayathibitiki. Mzee aliyesema "akiichuma" huenda asiwepo siku hati yake itakapobishaniwa, na wakati huo haki ya watoto wake juu ya mikarafuu itategemea kama aliyeandika alijua kwamba alikuwa akisimulia yaliyokuwa.